Kununua Kwenye Mrejeo au Kungoja Bei Ivunje Kilele: Dola na Yeni Mwaka 2022

Hotuba iliyotolewa kwa wafanyabiashara wa masoko ya fedha, Mwenge, Dar es Salaam

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika mapema Jumamosi ya leo, hasa nyinyi mliotoka Mbagala na Kigamboni. Nimeombwa nizungumzie swali moja, nami sitatoka nje ya swali hilo. Bei ikiwa kwenye trendi ya kupanda, je, mtu anunue inaporudi chini kwenye mstari wa wastani, au aiache mpaka ivunje kilele chake cha mwisho ndipo aingie? Njia ya kwanza nitaiita mrejeo, na ya pili nitaiita mvunjo. Nimesikia watu wakibishana juu ya njia hizi kana kwamba ni timu mbili za mpira, wakati kila moja ina hali inayoifaa, na hali hiyo inaweza kupimwa kwenye chati kabla ya kuweka fedha.

Naomba nianze na mstari wenyewe, kwa sababu makosa mengi huanzia hapo. Wastani unaosogea wa siku 50 ni bei za kufunga za siku 50 zilizopita, zimejumlishwa zikagawanywa kwa 50, na kesho siku ya zamani kabisa inatolewa na siku mpya inaingizwa. Kwenye MT4, ile programu ya kuchora chati na kuweka oda, mnaupata kwa kufungua Insert, kisha Indicators, kisha Trend, kisha Moving Average, mnaandika Period 50, MA method mnaweka Simple, na Apply to mnaweka Close. Hakuna zaidi ya hapo. Mstari huo hauna wanunuzi ndani yake. Sapoti ya kweli ni bei ambayo watu waliwahi kununua kwa wingi na wanaweza kurudi kununua tena, lakini wastani ni hesabu ya gawanya tu, na bei inapougusa ikapanda, mara nyingi ni kwa sababu trendi ilikuwa na nguvu na mrejeo ulikuwa umefikia kina cha kawaida cha mirejeo ya trendi hiyo. Mtu anayeweka oda ya kununua kwenye mstari akiamini kwamba mstari utaishika bei ameegemea kitu ambacho hakipo.

Sasa nitachukua kisa kimoja na kukaa nacho, kwa sababu kina pande zote za swali letu na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa ndani yake. Ni dola dhidi ya yeni ya Japani, mwaka 2022. Mwezi Machi mwaka huo dola moja ilikuwa karibu yeni 115. Benki kuu ya Marekani ilikuwa inaanza kupandisha riba ili kupambana na mfumuko wa bei, huku benki kuu ya Japani ikiendelea kuishikilia riba yake chini kabisa, na pengo hilo la riba likaisukuma dola juu wiki baada ya wiki. Julai 14 bei ilifika yeni 139.4 hivi. Hicho ndicho kilele ninachotaka mkikumbuke.

Baada ya kilele hicho bei ikaanza kurudi. Alhamisi ya Julai 28, saa tisa na nusu alasiri kwa saa zetu, Marekani ilitangaza kwamba uchumi wake ulikuwa umesinyaa katika robo ya pili ya mwaka, na dola ikaanguka siku ileile mpaka karibu yeni 134.2. Wastani wa siku 50 nao ulikuwa karibu 134.2. Mstari ulikuwa unapanda vizuri: siku 20 za soko kabla ya hapo ulikuwa karibu 131, yaani ulikuwa umepanda yeni tatu. Kwa kila kipimo nilichokijua, huu ulikuwa mrejeo wa kitabuni. Nilikuwa nyumbani, daftari la kaunta limefunguliwa mbele yangu, nami nikaandika kwa kalamu ya bluu: nimenunua 134.3, kikomo cha hasara 131.3.

Nieleze kikomo hicho, yaani bei ambayo ikifikiwa biashara hufungwa yenyewe ili hasara isizidi, kilitoka wapi, maana tutakitumia mpaka mwisho. Kwenye MT4 kuna kipimo kiitwacho Average True Range, ambacho kwa kawaida huwekwa siku 14, na kinaeleza bei inatembea umbali gani kwa siku moja kwa wastani. Wakati ule kilikuwa karibu yeni moja na nusu. Mimi huweka kikomo umbali wa mara mbili ya kipimo hicho, ili mtikisiko wa siku moja wa kawaida usinitoe bure. Ndiyo maana kilikuwa yeni tatu. Akaunti yangu ilikuwa na dola 2,500, ambazo mwaka ule zilikuwa takriban shilingi milioni 5.8, na sharti langu ni kutopoteza zaidi ya asilimia moja katika biashara moja, yaani dola 25. Kwa loti 0.01, ambayo ni dola 1,000 za sarafu, yeni tatu dhidi yangu ni yeni 3,000, sawa na dola 23 hivi. Ikaingia ndani ya sharti kwa taabu. Mwenye akaunti ya dola 500 hakuweza kuifanya biashara hii kwa chati ya siku, kwa sababu loti ndogo kabisa ambayo madalali wengi wanaitoa ingemtoa zaidi ya asilimia nne ya mtaji kwa kosa moja. Jambo hili halisemwi mara nyingi, lakini kwa wengi waliomo humu ndani ndilo linaloamua kabla hata ya kufika kwenye mrejeo au mvunjo.

Ijumaa iliyofuata dola iliendelea kushuka. Jumatatu ikafunga chini ya 132. Jumanne, Agosti 2, ikashuka mpaka karibu 130.4, na kikomo changu cha 131.3 kikachukuliwa njiani. Mstari wa wastani ulikuwa umevukwa kana kwamba haukuchorwa. Nami nilijua kosa langu lilikuwa wapi: nilinunua wakati bei bado inaanguka. Kitu pekee nilichokuwa nacho mkononi siku ile kilikuwa mgusano. Hakuna mshumaa, yaani alama ya bei ya siku moja kwenye chati, uliokuwa umefunga ukionyesha kwamba wauzaji wamechoka.

Endeleeni kukitazama kisa, kwa sababu sehemu inayofuata ndiyo yenye faida zaidi. Ijumaa ya Agosti 5 takwimu za ajira za Marekani zilitoka nzuri kuliko ilivyotarajiwa, na dola ikaruka mpaka kufunga karibu 135.0. Wastani sasa ulikuwa karibu 134.9. Watu wanaofuata sharti la kungoja bei ifunge tena juu ya mstari waliona mstari umekombolewa, wakaingia. Lakini ulikombolewa kwa upana wa unywele, na wastani wa dalali mmoja na mwingine hutofautiana kwa zaidi ya hapo, kutegemea saa ambayo siku yake inafungwa. Kwa siku tatu za soko bei ilizungukazunguka hapo, ikishindwa kupita 135.6 au karibu yake. Jumatano ya Agosti 10 mfumuko wa bei wa Marekani ukatangazwa asilimia 8.5, chini ya matarajio, na kesho yake dola ilikuwa imeshuka chini ya 132. Aliyeingia 135 na kikomo cha 132 naye alitolewa.

Kwa hiyo mgusano ulishindwa, na kufunga juu ya mstari peke yake nako kukashindwa. Ni nini basi kingefaulu? Tazameni ile 135.6. Ndani ya mrejeo, bei ilikuwa imejaribu kupanda mara moja na ikazuiwa hapo. Hicho ni kilele kidogo ndani ya mrejeo mkubwa. Aliyesema, “Nitanunua pale tu mshumaa wa siku utakapofunga juu ya wastani na pia juu ya kilele kidogo cha mrejeo,” hakuingia Julai 28, wala Agosti 5. Aliingia Agosti 18, bei ilipofunga karibu 136. Wastani ulikuwa chini kidogo ya 135.5 na ulikuwa bado unapanda. Kikomo chake kilikuwa 133, na hakikuguswa tena.

Hilo ndilo ninalotaka mlichukue kutoka hapa leo, na nitalisema kwa ufafanuzi. Sharti hilo limechukua kitu kutoka kila upande wa ubishi. Mrejeo umekuambia eneo la kutazama, yaani uko karibu na wastani wa trendi hai na hujaifukuza bei iliyokimbia. Mvunjo mdogo ndani ya mrejeo umekuambia wakati, yaani wanunuzi wamerudi kwa nguvu ya kupita mahali waliposhindwa siku chache nyuma. Mtu anayefanya hivi hulipa bei ya juu kuliko anayenunua kwenye mgusano. Katika kisa chetu alilipa 136 badala ya 134.3. Tofauti hiyo ya yeni 1.7 ni gharama ya uthibitisho, na mimi naiona ni halali.

Sasa tumweke mtu wa tatu, yule anayengoja mvunjo mkubwa. Kilele chake ni 139.4 cha Julai 14. Alikaa kimya Agosti nzima, hakupata hasara yoyote, na Septemba 1 bei ilivunja na kufunga juu kidogo ya 140. Akaingia karibu 140, kikomo 137. Naye hakutolewa. Hata Septemba 22, siku Japani ilipoingia sokoni kununua yeni kwa mara ya kwanza tangu 1998 na dola ikaporomoka kutoka karibu 146 mpaka kuelekea 140 katika siku moja, kikomo chake kilisalimika. Mtu huyo wa tatu, ndugu zangu, alikuwa mimi tena. Baada ya hasara ya Agosti 2 niliapa kwamba sitanunua mrejeo mwaka ule, nikangoja kilele.

Dola ilifika karibu yeni 152 Oktoba 21, Japani ikaingilia tena, na bei ikaanza kuyumba. Ili kulinganisha kwa haki, tuwape wote sharti moja la kutoka: siku bei itakapofunga chini ya wastani wa siku 50 bila utata, toka. Siku hiyo ilikuwa Novemba 10, mfumuko wa bei wa Marekani uliposhuka mpaka asilimia 7.7 na dola ikaanguka kutoka zaidi ya 146 mpaka kufunga karibu 141. Wote wanatoka 141.

Aliyeingia 136 anapata yeni tano, ambazo kwa loti 0.01 ni dola 35 hivi, yaani zaidi ya mara moja na nusu ya alichohatarisha. Aliyeingia 140 anapata yeni moja, dola saba. Nami niliyegusa mstari Julai na kuvunja kilele Septemba, nikijumlisha hasara ya dola 23 na faida ya dola saba, nilimaliza trendi ile nikiwa nimepoteza dola 16. Dola ilikuwa imepanda kutoka 134 mpaka karibu 152 mbele ya macho yangu, mwelekeo niliusoma sawasawa tangu mwanzo, na bado daftari linaonyesha hasara. Ukurasa ule ninao mpaka leo.

Msije mkasema kwamba sharti la kutoka ndilo lililoharibu. Ni kweli kwamba aliyetoka Oktoba kwenye 150 angevuna yeni 14 au yeni 10, lakini pengo la yeni nne kati ya maingilio mawili halibadiliki popote mtakapotokea. Linabaki vilevile. Kinachobadilika ni uzito wake: trendi ikiwa ndefu sana, pengo hilo ni dogo, trendi ikiwa ya wastani, pengo hilo ndilo faida yote. Trendi nyingi ni za wastani. Ndiyo sababu moyo wangu, katika trendi iliyokwisha kuthibitika, uko upande wa mrejeo wenye uthibitisho.

Hata hivyo nimesema katika trendi iliyokwisha kuthibitika, na hapa ndipo mvunjo unapostahili heshima yake. Chukueni dhahabu. Agosti 2020 iliweka kilele karibu dola 2,075 kwa aunsi. Machi 2022 ikarudi karibu hapohapo, ikazuiwa. Mei 2023 ikarudi tena, ikazuiwa. Katika miaka hiyo karibu mitatu wastani wa siku 50 ulikuwa unapanda kidogo, unashuka kidogo, na bei inaukata mara kwa mara kama sindano ipitayo kwenye kitambaa. Mtu aliyenunua kila mgusano alikuwa ananunua mirejeo ya trendi ambayo haikuwapo. Hapo jibu sahihi ni kungoja mvunjo.

Nao mvunjo una mtego wake. Kabla ya jua kuchomoza hapa Dar, Jumatatu ya Desemba 4, 2023, wakati soko la Asia ndiyo limefunguliwa na watu ni wachache, dhahabu iliruka juu ya 2,130, kilele kipya cha historia. Aliyeweka oda ya kununua juu ya 2,080 iliyosubiri usiku aliamka ameshaingizwa, tena kwa bei mbaya, na kufikia usiku wa siku ileile dhahabu ilikuwa imefunga karibu 2,030. Mvunjo wa kweli ulikuja miezi mitatu baadaye. Ijumaa ya Machi 1, 2024, ilifunga juu ya 2,080, Jumatatu ikafunga juu ya 2,100, na katikati ya Aprili ilifika juu ya 2,400. Katika safari hiyo ya wiki sita bei haikurudi hata karibu na wastani wa siku 50. Aliyekaa kwenye mstari akingoja mgusano alibaki stendi, basi limeondoka.

Mtaona kwamba kilichotofautisha Desemba na Machi ni kufunga kwa siku. Kwa hiyo mjue siku yenu inafunga saa ngapi. Soko la sarafu huhesabu siku kwa saa kumi na moja jioni ya New York. Wamarekani wanapokuwa kwenye saa zao za kiangazi, hiyo ni saa sita kamili usiku kwa Dar. Katika miezi yao ya baridi ni saa saba usiku. Dalali ambaye seva yake inafunga siku saa nyingine atawapa mishumaa tofauti, na wakati mwingine mshumaa mdogo wa Jumapili ambao unaingia kwenye hesabu ya siku 50 na kuuvuta wastani. Mkiona mishumaa sita kwa wiki kwenye chati ya siku, mstari wenu wa 50 ni wa wiki nane na kidogo badala ya wiki kumi.

Mnatofautishaje basi hali ya yeni na hali ya dhahabu kabla ya kujua mwisho wake? Mimi hutumia kipimo kimoja tu. Ninaangalia wastani wa siku 50 wa leo na wa siku 20 zilizopita, na ninaipima tofauti yake kwa Average True Range ya siku 14. Ikiwa mstari umesogea chini ya kipimo kimoja, kwangu hakuna trendi na mirejeo yote naiacha; ninachora kilele cha eneo na kungoja kufunga juu yake. Ukiwa umesogea vipimo viwili au zaidi, kama ilivyokuwa kwa yeni Julai ile, natafuta mrejeo na kilele kidogo ndani yake. Katikati ya hapo sina jibu zuri, nami huwa nakaa nje. Kipimo hiki hakijui lolote kuhusu benki kuu zitakazoingia sokoni alasiri ya leo.

Na msikibadilishe kila wiki. Nimeona vijana wakiweka wastani wa 20, ukivukwa wanaweka 34, ukivukwa wanaweka 50, mpaka wapate mstari ambao bei imeugusa ikapanda. Ukitafuta vya kutosha utaupata kila mara, kwa sababu uko nyuma ya tukio. Chagueni namba moja, mkae nayo mwaka.

Mmoja wenu aliniuliza mlangoni kama haya yanafaa kwa hisa za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kwa hisa chache zinazouzwa kila siku kwa wingi, labda kwa chati ya wiki. Kwa nyingi, hapana. Hisa ambayo bei yake inarudiwa ileile siku baada ya siku kwa kuwa hakuna aliyeuza, wastani wake unakuja kuisogelea bei wenyewe wakati bei imesimama, na huo haukuwa mrejeo hata kidogo. Isitoshe, kikomo cha hasara hakina maana pale ambapo siku ya kutoka hakuna mnunuzi.

Kabla hatujafungua maswali nawaomba mfungue simu na kompyuta zenu. Wekeni dola na yeni, chati ya siku, wastani wa 50, mrudi mpaka Julai 28, 2022, kisha mzime kitufe cha Auto Scroll. Kwenye kompyuta, kila mkibonyeza F12 chati itasogea mshumaa mmoja. Andikeni kwenye karatasi, kabla ya kubonyeza, kama leo mnanunua au mnangoja, na kikomo kiko wapi. Tukifika Septemba 1 tutasimama, na ningependa kusikia kwanza kutoka kwa wale watakaokuwa wameingia Agosti 5.